Hofu ya Bosi wa Zamani Katika Kazi Mpya

Saa tatu asubuhi ujumbe unaingia kwenye simu ya karani wa stoo: "Ukipata nafasi, pitia ofisini kwangu." Bosi aliyeuandika ana swali dogo tu kuhusu magunia ya sukari yaliyorudishwa na mteja. Karani hajui hilo. Viganja vinaloa jasho. Anapitia akilini kila stakabadhi aliyoitia saini tangu Jumatatu, kisha, kabla ya kuondoka mezani, anapiga picha kurasa mbili za daftari la stoo kwa simu yake ili awe na ushahidi. Ana wiki sita katika kazi hii, na hakuna mtu hapa aliyewahi kumfokea.

Karani huyu ni mfano niliouunda, lakini anayeishi Umoja, Kayole, Dandora au Pipeline hatakosa kumtambua. Kazi aliyoiacha ilikuwa kwenye bohari moja la Industrial Area. Kila mwisho wa mwezi mali ilihesabiwa, na ikionekana shoti, hasara iligawanywa kwa wote waliokuwa zamu. Shoti ya Sh18,000 kwa watu sita ni Sh3,000 kila mmoja, iwe uligusa mali hiyo au hukuigusa. Saa nne usiku msimamizi alikuwa akiwatukana watu kwa majina katika kundi la WhatsApp la kazini. Ilijulikana kwamba mmoja kati ya wale sita hupeleka maneno kwa bosi, ila hakuna aliyekuwa na hakika ni yupi. Kuitwa ofisini kulikuwa na maana mbili pekee: mshahara unakatwa, au unaondoka. Alivumilia, kisha akaacha kazi kwa hiari yake. Majirani wakampongeza.

Alichotoka nacho ndicho ninachotaka tukiangalie kwa makini, kwa sababu watu wengi hukielewa vibaya. Rafiki humwambia, "Wacha kuwaza sana, hapo ni mahali pengine." Mchungaji humwambia asamehe na kusahau. Yeye mwenyewe hujilaumu kwamba ni mwoga. Ukweli ni kwamba wasiwasi wake ulikuwa maarifa. Kule kwenye bohari alikuwa sahihi kuogopa anapoitwa, sahihi kuhifadhi nakala za kila kitu, na sahihi kutomwambia mwenzake neno lolote wakati wa chai. Aliyekosa tahadhari hizo alilipa. Mwili ulijifunza kwamba ujumbe mfupi wa bosi hufuatwa na maumivu, na ukayajua hayo vizuri kuliko anavyoijua njia ya kwenda nyumbani.

Somo la namna hiyo halifutiki kwa kuambiwa, wala kwa kubadilisha mwajiri. Mwanasaikolojia wa Marekani Mark Bouton ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi hofu iliyofunzwa inavyopungua, na jambo moja limejitokeza wazi katika kazi yake: hofu haifutwi, bali hufunikwa na somo jipya linalosema "hapa, sasa, jambo hili halileti madhara." Somo hilo jipya ni dhaifu kuliko la zamani, na limefungamana sana na mahali lilipopatikana. Mazingira yakibadilika, au dalili za mahali pa zamani zikirudi, hofu ya kwanza hurudi nayo. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miezi miwili akiwa mtulivu kabisa, kisha siku moja bosi mpya akafunga mlango kwa nguvu, na usiku huo usingizi ukakata.

Hapa ndipo Eastlands inapoingia. Sehemu hii ya jiji la Nairobi ilikua ikitazamana na reli na viwanda. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli, na Kaloleni, Bahati na Jericho zilijengwa na serikali ya jiji ili Waafrika waliofanya kazi mjini wapate pa kulala. Umoja na Buruburu zilifuata katika miaka ya 1970. Hadi leo maelfu ya watu hutoka mitaa hii alfajiri kuelekea Industrial Area, wengine kwa matatu za Barabara ya Jogoo, wengine kwa miguu. Kwa hiyo anayeacha kazi upande huu mara nyingi haondoki mbali. Matatu yake bado hupita karibu na lango lile lile. Mwenzake wa zamani anaishi ghorofa ya tatu ya ploti yao na bado analipwa na yule yule msimamizi. Bosi mpya na bosi wa zamani huenda wananunua katoni kutoka kwa muuzaji mmoja. Jumapili, nje ya kanisa, mtu anamwambia, "Walikuwa wanakuongelea juzi."

Nadhani jambo hili halipewi uzito unaostahili. Ushauri mwingi kuhusu kazi mbaya huchukulia kwamba ukiondoka umeondoka. Mkazi wa Donholm anayefanya kazi umbali wa vituo viwili kutoka kazini kwake kwa zamani hukutana na dalili za hofu yake kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, na kila moja huiamsha upya. Akibadilisha tu njia, kwa mfano akapanda gari linalopita Outering hata kama anachelewa kidogo, anaweza kugundua kwamba anafika kazini akiwa na pumzi. Hilo ni jambo la wiki za kwanza, si la maisha. Kukwepa kukiendelea mno, hofu hukua, maana mwili haupati nafasi ya kuona kwamba lango lile halina tena mamlaka juu yake.

Turudi kwa karani wetu, kwa sababu tatizo lake kubwa si jasho la viganja. Ni yale anayoyafanya ili kujikinga. Anapiga picha kumbukumbu za kampuni. Anasoma ujumbe wake mara nane kabla ya kuutuma, hivyo jibu la dakika mbili linachukua nusu saa. Haulizi swali, maana kule kuuliza kulikuwa kukiri kwamba hujui kazi. Akikosea hesabu anajaribu kuirekebisha kimyakimya kabla haijaonekana. Wakati wa chai anakaa peke yake. Akiambiwa "kazi nzuri," anatafuta mtego uliofichwa ndani ya sifa hiyo.

Kila moja ya kinga hizi ina hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba inamnyima somo jipya. Anapotoka ofisini salama, akili haisemi, "Kumbe bosi huyu si mbaya." Inasema, "Nimenusurika kwa sababu nilikuwa na picha." Hofu inabaki nzima, na picha zinaongezeka. Hasara ya pili inatokea upande wa pili wa meza. Bosi mpya hajui habari za bohari. Anaona mfanyakazi mgeni asiyeuliza, anayechelewa kujibu, asiyechanganyika na wenzake, na anayepiga picha daftari la mali. Katika biashara yoyote ya stoo, mtu wa namna hiyo hutiliwa shaka. Bosi anaanza kumchunguza. Karani anahisi anachunguzwa na anasema moyoni, "Nilijua." Hapo tuhuma isiyokuwa na msingi imejitengenezea msingi wake, na haya yote yanatokea katika kipindi cha majaribio, wakati mtu anapimwa zaidi kuliko wakati mwingine wowote.

Picha hizo zina hatari nyingine. Kumbukumbu za kampuni zinaweza kuwa na majina na nambari za wateja, na mikataba mingi inakataza kuzitoa nje. Simu aliyoijaza ili imwokoe inaweza kuwa ndiyo sababu halali ya kumfukuza.

Njia inayofaa zaidi, nayo ndiyo msingi wa tiba wanayotumia wanasaikolojia kwa hofu za aina hii, ni kuigeuza hofu kuwa dai linaloweza kupimwa. Si kujiambia "kila kitu kitakuwa sawa," maana akili iliyoumia haiamini maneno hayo, na ina sababu. Karani achukue daftari lake mwenyewe na, kabla ya kwenda ofisini, aandike anachotarajia kwa maneno mahususi: "Ataniambia kuna shoti na nitakatwa." Aandike pia ana hakika kiasi gani, tuseme tisa kwa kumi. Kisha aende bila kupiga picha yoyote. Akirudi, aandike kilichotokea: aliulizwa magunia yaliyorudi yamewekwa wapi, akajibu, wakamaliza.

Mara moja haitoshi, wala haipaswi kutosha, kwa maana bosi wa zamani pia alikuwa na siku zake nzuri. Thamani ya daftari inaonekana baada ya wiki kadhaa, ukiwa na mstari baada ya mstari unaoonyesha kilichotarajiwa na kilichotokea. Baada ya jaribio hilo la kwanza, la kuitwa ofisini, la pili ni kuuliza swali moja la kazi kwa siku, swali ambalo kule asingethubutu kuliuliza. La tatu ndilo gumu zaidi, nalo ndilo linalofundisha zaidi: kuripoti kosa lake dogo mwenyewe kabla halijagunduliwa. "Jana niliandika katoni 40, lakini ni 42. Nimerekebisha." Hakuna jambo linaloonyesha tabia ya mahali pa kazi haraka kama namna kosa dogo lililoripotiwa kwa uaminifu linavyopokelewa. Akianza na kubwa anajihatarisha, kwa hiyo aanze na katoni mbili.

Na ikiwa jibu la kosa hilo ni matusi mbele ya watu na mshahara kukatwa? Basi amepata habari ya kweli, na mapema. Daftari halipo ili kumshawishi kwamba mahali papya ni pazuri. Lipo ili aone tofauti kati ya kinachotoka mahali hapa na kinachotoka kule. Tuhuma iliyobebwa kutoka kazi ya zamani ina alama moja: haielekezi kwenye jambo lolote lililotokea hapa. Ukimuuliza mtu, "Ni nini kilichofanyika kinachokufanya uwaze hivyo?" na majibu yote yakaanza na "kule tulikokuwa," jibu limepatikana. Lakini akitaja tarehe, kiasi na jambo lililotendeka hapa, msikilize.

Kuna sehemu ya wasiwasi ambayo haihitaji mazoezi ya akili hata kidogo, inahitaji karatasi. Mtu aliyewahi kukatwa mshahara kiholela hawezi kutulia kwa kutabasamiwa, ila anaweza kutulia akijua kanuni na kuona zinafuatwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi ndani ya miezi miwili tangu aanze, yakiwemo mshahara, saa za kazi na muda wa notisi. Kifungu cha 20 kinamtaka atoe karatasi ya mshahara inayoonyesha kila makato na sababu yake. Kifungu cha 19 ndicho ambacho watu wa stoo wangepaswa kukijua kwa moyo: mali ikipotea au kuharibika, mwajiri anaweza kukata kiasi kinachofaa kwa yule aliyesababisha hasara hiyo kwa makusudi. Hakisemi lolote kuhusu kugawanya hasara kwa kila aliyekuwa zamu. Sh3,000 zile hazikuwa desturi ya kazi, zilikuwa makato yasiyo na idhini ya sheria.

Kujua hivyo kunabadilisha kitu. Wengi waliotoka mahali kama pale bado wanaamini kwa siri kwamba walistahili, kwamba wangekuwa waangalifu zaidi yasingewapata. Ukielewa kwamba ulichofanyiwa kilikuwa kinyume cha sheria, unaacha kujichunguza wewe na unaanza kuchunguza karatasi yako ya mshahara, ambayo inachunguzika. Hesabu makato, kisha linganisha na taarifa yako ya michango ya NSSF. Miezi mitatu mfululizo ikilingana, una ushahidi ambao hauhitaji picha za kuiba.

Kuhusu kipindi chenyewe cha majaribio, sheria inasema kisizidi miezi sita, na kikiongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi, nyongeza nayo isizidi miezi sita. Kwa muda mrefu waajiri walichukulia kwamba aliye katika majaribio anaweza kuondolewa bila kusikilizwa. Mwaka 2021 jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi liliamua, katika kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kwamba kumnyima mfanyakazi wa majaribio haki ya kusikilizwa ni kinyume cha Katiba. Kusikilizwa kwenyewe kumeelezwa katika kifungu cha 41: uambiwe kosa kwa lugha unayoielewa, na uwe na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama akiwapo. Mtu anayejua hatua hizo haoni tena kila mwito wa ofisini kama hukumu.

Hofu moja zaidi hujirudia sana: kwamba bosi wa zamani atapigiwa simu na kuharibu. Sheria inamlazimisha kutoa cheti cha utumishi kwa aliyefanya kazi wiki nne au zaidi. Cheti hicho hutaja jina, kazi, mahali, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Hakitaji tabia, na mwajiri halazimiki kutoa barua ya sifa. Kukataa kutoa cheti ni kosa la jinai. Aliyeondoka kwa ugomvi bila kukichukua anapaswa kukidai kwa maandishi. Akiwa nacho mkononi, mwajiri mpya anaweza kuthibitisha alifanya kazi wapi na kwa muda gani bila kuongea na yule aliyemtukana, na kwa mengine mfanyakazi anaweza kumpa jina la msimamizi mwingine aliyemjua.

Yote niliyoeleza yana mpaka. Yuko mfanyakazi ambaye daftari halitamsaidia, naye asiachwe kujitibu. Nairobi imepata funzo chungu kutoka kwa wahakiki wa maudhui ya Facebook waliofanya kazi chini ya kampuni ya Sama. Daniel Motaung, mmoja wao, alifungua kesi mwaka 2022, na wenzake zaidi ya 180 wakaja na yao mwaka uliofuata, madai ambayo Meta na Sama zimeyapinga mahakamani. Dkt Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, aliwapima 144 kati yao. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2024 yalionyesha kwamba wote walikuwa na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, na wengi wao walipimwa mwaka mmoja au zaidi baada ya kuacha kazi hiyo. Walikuwa wametazama mauaji na ukatili kwa saa nyingi kila siku, jambo zito kuliko matusi ya msimamizi. Lakini kesi yao inaonyesha wazi kwamba kuondoka kwenye lango hakumalizi alichofanyiwa mtu ndani yake.

Namna ya kutofautisha ni hii. Msongo wa kawaida wa aliyehama kazi mbaya hupungua, japo kwa kupanda na kushuka, na madaktari hutarajia uwe umeisha kwa kiasi kikubwa ndani ya miezi sita baada ya chanzo kuondoka. Ukiona haupungui, au tukio la zamani linarudi likiwa hai kana kwamba linatokea sasa, au ndoto mbaya zinakata usingizi wiki baada ya wiki, au umeanza kulala kwa nguvu za pombe, au unawaza kwamba afadhali usingekuwapo, huo si woga wa kazi mpya. Mkazi wa Eastlands anaweza kuanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, karibu na Barabara ya Kangundo, au aende Mathari, kwenye Barabara ya Thika. Anayewaza kujidhuru asingoje siku ya kliniki, aende siku hiyo hiyo akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Sehemu kubwa ya haya nimeipeleka kwa mfanyakazi, na si haki kabisa, kwani mwajiri mpya anaweza kufanya nusu ya kazi hii kwa gharama ndogo sana. Msimamizi anayeajiri watu kutoka bohari na viwanda vya Industrial Area achukulie kwamba baadhi yao wamekuja na bohari hilo mwilini. Anapomwita mtu, ataje sababu ndani ya ujumbe: "Pitia ofisini, nataka kujua magunia yaliyorudi yako wapi." Asitume ujumbe wa kazi saa nne usiku isipokuwa kuna dharura. Shoti ikitokea, aeleze mbele ya wote itachunguzwa vipi kabla ya kumtazama yeyote. Na mgeni akija mwenyewe kusema amekosea katoni mbili, amshukuru kwanza, hesabu waifanye baadaye.